Mrejesho: mwaliko wa mkutano mkuu wenye uchaguzi na madeni ya ada

Niliuliza: "Ushirika wetu wa kahawa hapa Masaka una uchaguzi wa viongozi, na wengi wanadaiwa ada. Mwaliko niuandikeje watu wasigombane mlangoni?"

Asanteni wakubwa. Kilichosaidia zaidi ni kuweka siku ya kufunga daftari, Ijumaa saa kumi jioni, siku nane kabla ya mkutano. Sentensi tupu ya "mwenye deni hapigi kura" ndiyo huleta ugomvi, maana kila mtu huja na pesa asubuhi ile ile. Tena isiandikwe kabisa kama sheria ndogo za ushirika haziisemi.

Kila mwaliko ulibeba hesabu ya mwanachama mwenyewe: ada 20,000, amelipa 12,000, bado 8,000. Hapo kosa likajitokeza. Baadhi walikuwa wamekatwa ada kwenye malipo ya kahawa, lakini makato hayakuhamishwa kutoka kitabu cha mapokezi hadi daftari la wanachama. Linganisheni vitabu hivyo viwili kabla ya kumwita mtu mdaiwa, jamani. Ni kumvunjia heshima bure.

Katika ajenda, hesabu na madeni vilitangulia uchaguzi, ili kamati inayoondoka ijibu ikiwa bado madarakani.