Picha ngapi, na za pembe zipi, kufunza modeli ya kubadilisha uso?

KameraUmoja: Wadau, tunapiga filamu fupi hapa Nairobi. Mwigizaji wetu ametia sahihi kukubali uso wake uwekwe kwa mwigizaji mbadala. Mbadala yuko dirishani kwenye matatu, anageukia nje hadi unamwona ubavu tu, kisha anainamia simu. Natumia DeepFaceLab. Nina picha 600 kutoka mahojiano, zote akitazama kamera. Akiwa mbele uso unatoka safi, akigeuka unakuwa ukungu na jicho la mbali linaganda kwenye pua. Niongeze ngapi?

Kijana_wa_Kayole: Piga hadi elfu kumi. Modeli inapenda wingi.

MamaFremu: Wingi wa nini lakini? Video ya dakika 10 kwa fremu 25 ni picha 15,000, na fremu jirani ni kama pacha. Chukua 5 kwa sekunde, upate 3,000, kisha utupe zenye ukungu na zilizofunikwa na mkono. Zikibaki 2,000 hivi umetosha, mradi zigawanyike. Kwako shida si idadi, ni kwamba modeli haijawahi kuuona ubavu wa huyo mtu, kwa hivyo inabahatisha.

Mrekodi upya. Ageuze kichwa polepole kutoka bega moja hadi lingine, kidevu kikiwa sawa, kisha arudie akiwa ameinama, kisha akiinua kidogo. Awe anahesabu kwa sauti na kupepesa macho, la sivyo kila ubavu utakuwa na mdomo uliofumba. Rudia yote mwanga ukitoka dirishani upande mmoja, maana ndio mwanga wa matatu yako. Ukirekodi kwa simu, usiilete karibu na uso, pua itavimba. Kaa mita mbili hivi, uvute kwa lenzi.

Ukishakata nyuso, zipange kwa `yaw` na uzipitie kwa mshale. Kichwa kigeuke kama mlango unaofunguka. Kikiruka ghafla kutoka robo hadi ubavu mzima, hapo ndipo pengo. Halafu zipange kwa `pitch` utafute la kuinama.

Otis254: Mbona mnajisumbua? Mimi natumia picha moja tu na inakubali.

MamaFremu: Hiyo ni `inswapper_128`, Otis, ilishafunzwa na wengine. Uso wake ni pikseli 128, ukikaribia kamera unaona. Yeye anafunza yake.

KameraUmoja: Ubavu wa kushoto naweza kurekodi leo. Wa kulia niutoe kwa kugeuza picha kama kioo?

Kijana_wa_Kayole: Washa tu `random flip` ya `src`, imeisha.

MamaFremu: Ana alama yoyote usoni?

KameraUmoja: Kovu kwenye nyusi ya kushoto.

MamaFremu: Basi litahamahama, au lififie pande zote mbili. Mwite arekodi wa kulia pia.

Kijana_wa_Kayole: Kovu dogo hivyo ndani ya matatu nani ataliona? Mimi ningewasha.