Naomba ushauri: mteja wangu wa mfano ni mwenye simu au mwenye jembe?

Ndugu wanajukwaa, ninaandaa huduma ya ushauri wa kilimo kwa ujumbe mfupi wa simu huku Kiryandongo, Uganda, na nimekwama katika kumchora mteja wa mfano.

Nilimwandika hivi: mwanamume wa miaka 40, ekari mbili za mahindi, simu ya kitochi, anasoma Kiswahili. Kisha nikaenda kumtembelea mmoja aliyejisajili. Ujumbe wa kumtaka akague viwavijeshi vamizi ulikuwa umemfikia saa tatu asubuhi, naye yuko senta akichaji simu. Mkewe, ambaye ndiye anayepalilia, aliusikia siku ya tatu, tena kwa kusimuliwa. Aliponipeleka shambani, majani ya kati yalikuwa yametobolewa na yamejaa kinyesi kama unga wa mbao, maana yake kiwavi ameshazama ndani ya moyo wa mmea, mahali ambapo dawa haimfikii vizuri.

Sasa nafikiria kuandika wateja wawili, mpokeaji na mtendaji, na kutuma saa moja jioni wakati simu iko nyumbani. Tatizo ni kwamba ujumbe mmoja una herufi 160 tu, na maneno ya kumwambia mume ampe mkewe taarifa yanakula nafasi ya maelekezo yenyewe.

Waliowahi kufanya kazi hii, je, mlimsajili mke kwa namba ya mumewe, au mlimwandikia mume peke yake? Na mlimuuliza nini siku ya usajili ili kujua ni nani hasa anayelima?