Mrejesho: gemu lililokuwa likiganda nikigeuza kamera

Niliuliza: "Kadi yangu ya picha ina GB 4. Gemu linakwenda fremu 60, halafu ghafla linaganda nikigeuza kamera. Nimeshusha hadi 720p, bado. Shida nini?"

Wakuu, limekwisha. Nilifungua Task Manager huku nikicheza: Dedicated GPU memory imejaa, na kila gemu likiganda, Shared GPU memory inapanda. Teksicha zilikosa nafasi kwenye kadi zikahamia RAM ya kompyuta, na kuzivuta kutoka huko ni polepole mno.

Kilichonishangaza ni 720p kutosaidia. Kumbe fremu moja ya 1080p ni kama MB 8 tu. Hata gemu likitunza kumi, kushuka 720p kunaokoa MB 46 hivi. Teksicha moja ya 4096 × 4096, hata ikibanwa, hula MB 16. Ikishuka hadi 2048 × 2048 inabaki MB 4, na eneo moja la gemu lina mamia yake.

Nimerudisha 1080p, Textures nikatoa Ultra nikaweka High. Matumizi sasa ni GB 3.3, na jana jioni nzima halikuganda. Kuta za karibu zimefifia kidogo, lakini adui wa mbali namwona vizuri kuliko kwenye 720p.