Nauli ya kifurushi: niiweke ndani ya bei ya kahawa au mteja ailipe pembeni?

KahawaSoweto: Wakuu, nipo Mbeya mjini, nauza kahawa ya kukaanga ya Mbozi kwa wateja wa Dar. Paketi ni 12,000, nauli ya basi pembeni. Mteja akiuliza "mpaka Dar?" nikamtajia nauli, anapotea. Kesho nachapisha lebo mpya za bei. Niandike bei moja yenye nauli ndani?

MpungaIgurusi: Weka ndani, usijiulize. Mchele wangu kila kilo ina nauli yake, naijumlisha kwenye bei ya kilo. Mteja anaona namba moja, analipa.

HesabuMafinga: Mkuu, hujasema paketi ina gramu ngapi, nauli ni shilingi ngapi, wala mtu mmoja huagiza ngapi. Bila hayo tutakupotosha.

MamaUyole: Basi linaloondoka alfajiri ndilo zuri, mzigo unafika siku hiyohiyo.

KahawaSoweto: Asante mama, ila basi si tatizo, naulizia bei. Gramu 250. Boksi ni 6,000 hadi kilo 5, liwe na paketi moja au kumi. Mwezi uliopita oda 40: 22 za paketi moja, 10 za mbili, 8 za nne.

HesabuMafinga: Hapo ndipo mchele na kahawa vinapoachana. Nauli ya mchele inapanda kwa kilo, ya kwako inapanda kwa boksi. Oda 40 ni nauli 240,000 kwa paketi 74, yaani kama 3,250 kila paketi. Ukiandika 15,250, wa paketi moja anakuchangia 3,250 wakati basi linakudai 6,000. Pengo la 2,750 unalijaza wewe. Wa paketi nne anachangia 13,000 kwa boksi lilelile la 6,000, kwa hiyo 7,000 anamlipia mwenzake.

Kwa oda za mwezi uliopita hesabu zinakaa sawa, ila wanunuzi hawatakaa vilevile. Wa paketi nne alikuwa analipa 54,000, sasa anadaiwa 61,000, ataona. Wa paketi moja alikuwa analipa 18,000, sasa 15,250, watakuja wengi. Wanne kati ya wale wanane wakiondoka na wa paketi moja wakaongezeka kumi, umepungukiwa kama 55,000 kwa mwezi, inakatwa kwenye faida ya kahawa. Na hutaiona haraka, kwa sababu idadi ya oda itakuwa imepanda. Dalili yake ni moja: gawa paketi kwa oda kila mwisho wa mwezi. Sasa hivi ni 1.85. Ikianza kushuka, bei yako imeshapitwa.

MpungaIgurusi: Lakini nauli pembeni inamkimbiza mteja, mwenyewe kasema!

HesabuMafinga: Kinachomkimbiza ni kuijua mwishoni, akiwa tayari ana 12,000 kichwani. Jaribu hivi: paketi 13,500. Nauli ya Dar kwa paketi moja 4,500, mbili 3,000, tatu 1,500, nne bure. Piga hesabu: 18,000, 30,000, 42,000, 54,000. Ni jumla zilezile anazolipa leo, boksi linajilipa kila mara. Tofauti ni kwamba kila paketi anayoongeza inapunguza nauli mbele ya macho yake. Iandike yote chini ya picha, asisubiri kuuliza.

StendiNaneNane: Na wa Mbeya anayeichukua mkononi? Unamtoza 1,500 ya basi asilopanda?

KahawaSoweto: Hilo ndilo linaniuma, wa hapa ni wengi.

HesabuMafinga: Wape punguzo la 1,500 wakichukua wenyewe, lebo ibaki moja.

StendiNaneNane: Wa Dar atasikia kuna punguzo, ataanza kubishana. Mimi nasema mteja alipie nauli akipokea, ofisi ya basi ikusanye.

MpungaIgurusi: Hapo hapana! Mzigo usipochukuliwa unakaa ofisini, simu haipokelewi, na ukirudishwa Mbeya unadaiwa kwenda na kurudi. Boksi la 6,000 limekuwa 12,000, na kahawa imekaa wiki kwenye joto la Dar. Kahawa ya kukaanga ikipoteza harufu huwezi kuiuza tena kwa bei ileile. Mtu ambaye hajatoa hata shilingi hana kinachomvuta aende stendi.

StendiNaneNane: Achukue malipo ya kahawa kwanza, nauli tu ndiyo ibaki.

MamaUyole: Na maboksi ya katoni mnayapata wapi kwa bei ya jumla?

KahawaSoweto: Ya katoni nayapata Sido, mama. Lebo nasimamisha kwanza. Nitaweka ngazi ya nauli ya HesabuMafinga kwenye picha za Dar tu, dukani nibaki na 12,000.

StendiNaneNane: Picha ya dukani ikivuja kwenye kundi la Dar je?