Mjadala: Karatasi ya mashine iandikwe "fidi", "kasi" au "kiwango cha lishe"?

Mfasiri wa Moro: Wadau, nimepewa karatasi za maelekezo za karakana moja nizitie kwenye Kiswahili: lethi ya CNC na printa mbili za 3D. Je, nitafsiri kila kitu au niyaache maneno kama fidi, ofseti na leya? Kwa sasa fidi nimeiita "kiwango cha lishe" na ofseti "fidia". Naona fundi aliyeishia darasa la saba ataelewa zaidi Kiswahili safi.

Chuma Chakavu: Hapo kwenye darasa la saba umenigusa. Mimi ndiye huyo, na nina miaka 22 kwenye lethi hapa Gerezani. Fidi naijua, ofseti naijua. "Kiwango cha lishe" ni maneno ya kliniki ya watoto. Bandika hiyo karatasi ukutani uone vijana watakavyouliza uji unagawiwa saa ngapi.

Mwana wa Pwani: Mbona mashine ya kusaga huwa inalishwa mahindi na hakuna anayecheka? Halafu hiyo "lethi" yenyewe nyie mmeitoa wapi? Kiswahili kina kerezo, na kazi yake ni kukereza. Miguu ya vitanda vya Lamu na Unguja ilikerezwa kabla Gerezani haijawa na umeme.

Chuma Chakavu: Basi nenda dukani ukaagize ncha ya kerezo, utarudishiwa mswaki.

Injinia Mtarajiwa: Tunazunguka bure. Fidi ni kasi tu. Andika "kasi" kwenye mashine zote, kwa sababu ile herufi F kwenye programu ya mashine ni milimita kwa sekunde, iwe lethi au printa. Mimi kwenye slaisa naweka 60 na inatoka 60.

Bi Mikromita: Mdogo wangu, fungua faili ambalo slaisa yako inalitoa kwa printa utafute F. Utakuta F3600, siyo 60. Slaisa inakuonyesha kwa sekunde, lakini faili linaandikwa kwa dakika. Anayeandika mstari kwa mkono na kuweka F60 atapata printa inayotembea milimita moja kwa sekunde, aanze kulaumu mota.

Kwenye lethi mambo ni mengine kabisa. Pale F mara nyingi ni milimita kwa mzunguko mmoja wa chaki.

```
G99 G1 Z-40. F0.2
```

Chaki ikizunguka mara 800 kwa dakika, hiyo 0.2 ni sawa na milimita 160 kwa dakika. Kijana mmoja kwenye karakana niliyokuwa nafanya kazi alipewa karatasi iliyoandikwa "kasi 160". Mashine ilikuwa kwenye G99, akaandika F160. Kisu kilikurupuka kwa nguvu zote za mashine kikaingia kwenye shafti, ncha ya kabaidi ikawa vumbi na kishikio kikapinda. Neno lilikuwa la Kiswahili safi. Kilichokosekana ni "kwa dakika" au "kwa mzunguko". Na "kasi" kwenye lethi ni mbili, ya chaki na ya kisu. Mimi naandika "mwendo wa kisu" na kipimo chake hapo hapo, kila mara.

Injinia Mtarajiwa: Sawa kwa faili. Ila ya kwa mzunguko si ni G95? G99 ndiyo nini?

Bi Mikromita: G95 ni ya mashine za kuchonga, na baadhi ya lethi pia. Lethi nyingi za Fanuc hutumia G98 kwa dakika na G99 kwa mzunguko. Ukiipeleka hiyo G99 kwenye mashine ya kuchonga, inahusu kisu kirudi juu kiasi gani baada ya kutoboa. Ndiyo maana tafsiri ya mashine moja usiihamishie nyingine.

Mwana wa Pwani: "Mwendo wa kisu" nakubali. Kerezo siachii.

Mama Vifungo: Samahani wakubwa, mimi wa Arusha, nachapa vifungo na vishikizo vya pazia. Karatasi niliyopewa na aliyeniuzia printa inasema "urefu wa tabaka". Nikaona kifungo changu kina urefu wa milimita 20, nikaweka 20. Slaisa ikawa nyekundu. Hii printa ni mbovu?

Chuma Chakavu: Umeona, Mfasiri? Huyo siyo darasa la saba, na amepotea na Kiswahili safi.

Mfasiri wa Moro: Nilishasema samahani kwa hilo.

Chuma Chakavu: Hukusema.

Bi Mikromita: Mama, printa ni nzima. Hapo wangeandika "unene wa tabaka moja". Kwa nozeli ya 0.4 anza na 0.2, na usivuke kama 0.3, plastiki itakosa kubanana. Kifungo chako cha milimita 20 kitakuwa na tabaka 100.

Mama Vifungo: Asante dada. Ila nilipoweka 0.2 tabaka la kwanza likawa halishiki kwenye bedi, uzi unaburutwa na nozeli. Karatasi inasema "ikiwa haishiki, ongeza ofseti ya Z". Ilikuwa -1.80, nikaongeza ikawa -1.60. Ikazidi kuwa mbaya.

Injinia Mtarajiwa: Kihesabu umeongeza kweli. -1.60 ni kubwa kuliko -1.80.

Bi Mikromita: Kihesabu ndiyo, na ndiyo maana nozeli imepaa juu zaidi. Aliyeandika alikuwa anawaza -1.90. "Ongeza" na "punguza" zisikanyage karibu na namba hasi. Iandikwe "sogeza nozeli karibu na bedi". Mama, rudi kwenye -1.80, kisha shuka kwa 0.05, kila mara ukichapa mraba wa tabaka moja tu. Mstari ukiwa wa duara kama uzi wa kushonea, bado uko mbali. Ukilala bapa na kushikana na wenzake, simama hapo. Ukikwangua, au plastiki ikipanda kingo huku mota ya filamenti inagonga, umepitiliza.

```
M851 Z-1.85
M500
```

Ya pili ndiyo ya kuhifadhi. Ukiisahau, ukizima printa unarudi ulikotoka.

Chuma Chakavu: Na kwetu ni hilo hilo. Lethi ina vitufe viwili, INPUT na +INPUT. Mtu alitutafsiria "ingiza" na "ongeza". Karatasi ikipakwa grisi utatofautisha vipi? Shafti ilitakiwa 30.00, ikapimwa 30.06. Kwenye uchakavu wa ofseti ya X kulikuwa na -0.10. Ilitakiwa -0.06 iongezwe juu yake iwe -0.16. Kijana akaingiza, ile -0.10 ikafutwa, ikabaki -0.06. Shafti iliyofuata ikatoka 30.10. Akapima, akaingiza -0.10, kipande kilichofuata kikatoka 30.06 tena. Asubuhi nzima anapiga mduara, anasema mashine ina jini.

Mfasiri wa Moro: Hiyo imenipata. Basi naandika jina la kitufe kama lilivyo kwenye mashine, na pembeni "futa uweke mpya" na "jumlisha na iliyopo"?

Bi Mikromita: Hayo mawili hata mimi nitayatumia. Ila "fidia" yako iache kwa urefu wa kisu na uchakavu. G54 haifidii kitu, inaonyesha sifuri ya kazi iko wapi.

Mwana wa Pwani: Ofseti basi iwe "mwachano".

Chuma Chakavu: Mwachano ni wa mke na mume.

Mwana wa Pwani: Huo ni talaka, kaka. Hata hicho hukijui.

Mama Vifungo: Nimefika -1.95, imelala bapa na imeshika. Sasa kifungo hakitoki kwenye bedi.

Bi Mikromita: Kiache bedi ipoe kwanza.