Rasimu ya sheria ndogo imejaa rangi na maoni: nitatoaje nakala safi bila kuharibu tulichokubaliana?

Karani_Buru
Habari zenu wadau. Mimi ni karani wa chama cha akiba na mikopo hapa Nairobi. Tumerekebisha sheria ndogo zetu, na mkutano mkuu ukizipitisha zitapelekwa kwa Kamishna wa Maendeleo ya Ushirika zisajiliwe. Kila mwanakamati alisahihisha kwenye nakala yake, kisha katibu akaziunganisha kwa Combine kwenye Word. Sasa kila ukurasa una rangi tatu nne, na maoni yamejaa pembeni.

Nilitoa nakala ya majaribio nikabonyeza Accept All Changes. Rangi zote ziliondoka, lakini kifungu cha kujitoa uanachama sasa kinasema mwanachama atoe notisi ya "siku 3060". Sheria ya zamani ilisema siku 90. Kama hili nimeliona kwa bahati, mangapi sijayaona? Naomba utaratibu wa kuaminika.

Kijana_wa_Saiba
Dada, hiyo ni kazi ndogo. Nenda Review, pale kwenye kisanduku cha kuonyesha chagua No Markup. Rangi zote zinapotea. Kisha toa PDF, chapisha, basi. Wateja wangu hapa mjini nawafanyia hivyo kila siku.

Karani_Buru
Ahsante ndugu. Ila mwenyekiti anataka pia faili la Word ili wanachama watumiwe.

Mhariri_Rongai
Kijana amesema kweli kuhusu karatasi, lakini kwa faili la Word ushauri huo ni hatari. No Markup inaficha tu. Mwanachama akifungua faili kwake na kuchagua All Markup, ataona nani alifuta nini na nani alimjibu nani. Tena hata kwenye PDF yako ile "siku 3060" ingebaki vilevile, kwa sababu No Markup inaonyesha maandishi kana kwamba yote yamekubaliwa.

Karani, chanzo cha 3060 ni hiki. Mwanakamati mmoja alifuta 90 akaandika 30. Mwingine, kwenye nakala yake, alifuta 90 akaandika 60. Combine iliyaweka yote mawili ubavuni, na Word haijui kwamba yanapingana: kwake ni maongezo mawili halali. Ukikubali yote, yote yanaingia. Kwa hiyo penye mvutano lazima mtu aamue, na moja likubaliwe, jingine likataliwe kwa Reject.

Huhitaji kupitia kila alama kwa mkono, lakini. Nyingi ni za sura tu: fonti, nafasi kati ya mistari, herufi nzito. Fungua Show Markup, ondoa tiki kwenye Insertions and Deletions na kwenye Comments, ibaki Formatting peke yake. Kisha kwenye mshale wa Accept chagua Accept All Changes Shown. Inakubali yale yanayoonekana tu. Rudisha tiki, na yatakayobaki ni maneno na tarakimu, ndiyo ya kupitiwa moja moja ukiwa na kumbukumbu za kikao mkononi.

Maoni usiyafute kabla ya hapo. Mara nyingi uamuzi wenyewe umeandikwa humo. Angalia kama pembeni ya zile siku kuna mtu aliyeandika jambo.

Karani_Buru
Lipo! "Tulikubaliana 60, tazama kumbukumbu." Na kumbukumbu zinasema 60 kweli. Nimekataa 30.

Mwalimu_Mstaafu
Wanangu, mimi nina shida inayofanana. Ninahariri kitabu cha historia ya kijiji chetu na ndugu zangu wawili. Jana niliambiwa nisafishe faili kwa Inspect Document, nikabonyeza Remove All kwenye taarifa binafsi. Sasa majina yao yote kwenye masahihisho yamegeuka "Author". Nitajuaje nani aliandika nini?

Mhariri_Rongai
Shikamoo Mwalimu. Ndani ya faili hilo majina hayarudi. Tafuta nakala uliyotumiwa kwa barua pepe kabla ya kusafisha, uendelee na hiyo.

Karani, hilo linakuhusu pia. Inspect Document iwe ya mwisho kabisa. Ukibonyeza Remove All pale penye maoni na masahihisho, inakubali yote yaliyobaki bila kukuuliza, na mengine kama ile 3060 yanaingia.

Wakili_UpperHill
Naongezea mawili. Kwanza, maoni yaliyowekewa Resolve hayajafutwa, yamefifia tu na yanasafiri na faili. Ukishamaliza kuyasoma, tumia Delete All Comments in Document. Pili, kuna maoni ambayo kwa Word si maoni: mtu ameandika ndani ya kifungu "[hapa tumuulize mweka hazina]" au ameweka rangi ya manjano akaondoka. Hayo hayafutwi na kitufe chochote. Tafuta alama ya [ kwa Ctrl+F. Rangi ya manjano itafute kwa Ctrl+H, bonyeza More, kisha Format, kisha Highlight. Nimewahi kuona mkataba uliotiwa saini ukiwa na swali la mwandishi katikati ya kifungu cha malipo.

Karani_Buru
Nimepata mabano manne, moja liko ndani ya kifungu cha adhabu ya mkopo uliochelewa. Tena namba za vifungu zimevurugika. Nizirekebishe kwa mkono?

Mhariri_Rongai
Hapana. Zima Track Changes kwanza, la sivyo kila namba itakayosasishwa itakuwa sahihisho jipya. Kisha Ctrl+A, halafu F9, na jedwali la yaliyomo likiuliza, chagua kusasisha lote. Baada ya hapo tafuta neno `Error!`. Kama kuna kifungu kilichorejelea kingine ambacho mmekifuta, utakuta `Error! Reference source not found.` pale pale. Lakini kama aliyeandika "kwa mujibu wa kifungu cha 14" aliipiga 14 kwa vidole, haitabadilika wala haitalalamika. Hizo ni za kusoma kwa macho.

Ukimaliza, fanya jaribio moja la mwisho: Review, Compare, upande mmoja sheria ndogo za zamani zilizosajiliwa, upande wa pili nakala yako safi. Kila tofauti itakayotokea iwe na uamuzi wa kamati nyuma yake. Hapo ndipo utanasa hata aliyebadilisha neno huku Track Changes ikiwa imezimwa.

Karani_Buru
Nimefanya Compare. Tofauti zote zina maelezo isipokuwa moja. Mkopo wa dharura ulihitaji wadhamini wawili, sasa imeandikwa mmoja. Kwenye rasimu ya rangi hakukuwa na alama yoyote hapo, wala kwenye kumbukumbu. Mwenyekiti anasema walizungumza kwa simu na katibu.

Kijana_wa_Saiba
Kama mwenyekiti amesema, si uandike mmoja yaishe?

Wakili_UpperHill
Mimi ningerudisha wawili, niwapelekee kamati hilo moja kwa maandishi kabla ya mkutano mkuu. Karani hana mamlaka ya kuamua, na simu si kikao.

Mhariri_Rongai
Kuhusu kuwaandikia nakubali. Kurudisha kimyakimya sikubali, kwa sababu nako ni kubadilisha bila alama. Washa Track Changes, rudisha "wawili" ionekane kwa rangi, uwatumie ukurasa huo peke yake.

Karani_Buru
Nimewatumia kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Wawili wamejibu kwamba hawakumbuki wadhamini kujadiliwa. Katibu bado hajasema kitu.