Wafanyakazi wanaposti matangazo ya duka lakini wateja hawayaoni, nifanyeje?

Mleta mada: Wakuu, habari za muda huu. Nina duka la vifaa vya ujenzi Mwanza, wafanyakazi 14. Kila siku natuma matangazo mawili kwenye grupu la kazi ili waweke stetasi WhatsApp. Wanaweka, lakini hakuna mteja anayesema ameliona huko. Naombeni ushauri.

Mzee wa Kaunta: Vijana wa siku hizi hawana uchungu na kazi. Mshahara si wanakula?

Saruji50: Mkuu, asiyeposti anafanywaje?

Mleta mada: Hilo si swali langu.

Saruji50: Ndilo lenyewe. Jibu.

Mleta mada: Namkata 2,000. Lakini walikubali kikaoni, na duka likiuza wote tunafaidika.

Saruji50: Basi jibu umelipata. WhatsApp inamruhusu mtu kuchagua nani aone stetasi yake. Anayeogopa kukatwa anakuchagua wewe peke yako, unaiona, unaridhika. Futa hiyo adhabu na waambie wazi kwamba imefutwa. Kisha fungua grupu jingine la matangazo, anayetaka aingie, na usiandike popote nani kaposti. Tuma mawili kwa wiki, yanayomfaa jamaa wa mfanyakazi. Mfano, picha ya bati geji 28 na 30 pamoja, ikieleza kwamba 30 ndiyo nyembamba. Hiyo mfanyakazi ataiweka mwenyewe, maana inamfanya aonekane anajua. "Karibuni dukani kwetu" haimpi kitu.

Dada wa Mauzo: Mimi nawapa bando wanaoposti, wanaposti sana.

Saruji50: Bando sawa, dada, ila wape wote. Ukiwapa wanaoposti tu, lazima uwakague, na mnarudi kulekule. Video nzito nayo inakula bando lao, punguza ukubwa kabla ya kutuma.

Mleta mada: Wakiandika wenyewe si wataahidi bei za ajabu?

Saruji50: Weka mambo manne tu: sema unafanya kazi hapo, usitaje bei wala punguzo, usioneshe sura au risiti ya mteja, swali gumu lipeleke namba ya duka. Maneno mengine yawe yao. Watu 14 wakibandika sentensi ileile, marafiki wanapita tu. Kupima, wape wote kiungo kimoja:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Nauliza%20bati
```

Hesabu meseji zinazoanza na maneno hayo. Utajua zimetoka huko bila kujua kwa nani.

Mpita Njia: Hii chai. Nani anakata mshahara kwa ajili ya stetasi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inabana makato.

Mleta mada: Sio chai. Nakata kwenye posho, sio mshahara.

Mpita Njia: Walisaini?

Mleta mada: Walinyoosha mikono.

Dada wa Mauzo: Mbele yako?

Saruji50: Kaka, warudishie hela zao kwanza. Grupu jipya lifungue wiki ijayo, la sivyo wataliona ni mtego.

Mleta mada: Za mwezi huu nitarudisha. Za nyuma ngoja nifikirie.